Kutoka rekodi ya somo la lugha hadi karatasi ya kudurusu: msamiati, vifungu vya kusema na sarufi

Rekodi ya kipindi cha lugha ina mambo mawili yaliyochanganyika: kile mwalimu alichokusudia kufundisha, na kile kilichompata mwanafunzi mdomoni alipojaribu kusema. Anayefupisha kwa kufuata mpango wa mwalimu hupata karatasi nadhifu iliyojaa mambo ambayo mwanafunzi anayajua tayari. Karatasi inayofaa kudurusiwa hutoka upande wa pili, pale mwanafunzi alipouliza, alipokosea, alipokwama, na pale alipopatia bila kusaidiwa. Hatua zote zilizo hapa zinalenga kuzinasa sehemu hizo, kisha kuzigeuza kuwa kitu cha kujifunzia.

Mfano tutakaoufuata ni kipindi cha Kiswahili cha dakika 50 kati ya mwalimu mmoja na mgeni mmoja anayejifunza, mada ikiwa kumweleza daktari unaumwa wapi. Hatua ni zilezile kwa lugha nyingine. Kiswahili kinafaa hapa kwa sababu msomaji atayasikia makosa mara moja, na pia kwa sababu hapo ndipo mzawa wa lugha anapoteleza zaidi: jambo asilowahi kulifikiria, kama tofauti ya "kinaniuma" na "linaniuma", humpita sikioni kama upepo, ilhali kwa mwanafunzi ndilo mlima wenyewe.

Kabla ya kusikiliza

Hakikisha mwanafunzi na mwalimu wote wawili wamekubali rekodi itumike hivi, kisha toa sauti kwenye video. Faili la sauti ni jepesi kurudiarudia, na baadaye utalikata vipande. Kwa programu ya `ffmpeg` amri ni hii:

```
ffmpeg -i somo07.mp4 -vn -c:a libmp3lame -q:a 2 somo07.mp3
```

Usiifute video. Mwalimu akiwa ameandika ubaoni au kwenye skrini, tahajia sahihi iko huko, na utaihitaji.

Usikilizaji wa kwanza: alama tu

Fungua sauti kwenye `VLC`, shika karatasi, na usiandike maelezo yoyote. Andika muda na alama. Alama nne zinatosha: `?` mwanafunzi ameuliza, `x` amekosea, `...` amesita au ametafuta neno, `v` amesema sawa bila kusaidiwa. Pembeni ya alama andika maneno machache aliyoyatamka, kama alivyoyatamka.

Kuna kishawishi cha kuongeza kasi. Kwenye `VLC` kitufe cha `]` huongeza kasi, `[` huipunguza na `=` huirudisha kawaida. Ongeza kasi mwalimu anapoeleza kwa kirefu, lakini mwanafunzi akianza kuzungumza irudishe. Kimya cha sekunde nne kabla ya neno ni ushahidi kwamba neno hilo halijakaa. Kwa kasi ya mara moja na nusu kinakuwa chini ya sekunde tatu na kinasikika kama pumzi ya kawaida. Ukipitwa na kitu, `Alt` pamoja na mshale wa kushoto hukurudisha sekunde 10.

Hii ndiyo orodha iliyopatikana kwenye rekodi yetu, ikiwa imepunguzwa kidogo:

```
04:10  ?    koo
07:35  x    ninauma kichwa
12:20  x    tumbo kinaniuma
19:05  x    miguu unaniuma
23:40  ...  (anataka kusema maumivu yalianza lini)
31:15  ?    kwa nini "ninaumwa kichwa" ni sawa?
38:00  v    mgongo unaniuma tangu juzi
40:30  v    tumbo linaniuma
44:20  x    meno linaniuma
```

Baada ya kosa la 12:20 mwalimu alisema "Tumbo linaniuma", na mwanafunzi akarudia palepale, "Tumbo linaniuma." Marudio hayo hayakupewa `v`. Kurudia sentensi iliyosikika sekunde mbili zilizopita ni kazi ya sikio, na kasuku angeiweza. `v` ya kweli ilikuja saa 40:30 ya rekodi, wakati wa igizo la mgonjwa na daktari, ambapo hakuna aliyemtangulia kuisema. Ukiyachanganya haya mawili, karatasi yako itahesabu kuwa yamekwisha mambo ambayo bado yanamsumbua.

Usikilizaji wa pili: pale palipo alama

Sasa rudi kwenye kila alama, anza kama sekunde 20 kabla yake, na uandike sentensi nzima neno kwa neno: ya mwanafunzi, kisha ya mwalimu. Hapa ndipo tahajia inapodanganya. Katika "kichwa kinamuuma" mna u mbili, moja ya kiambishi -mu- na nyingine ya mzizi -uma, lakini kwa mwendo wa mazungumzo husikika kama moja iliyovutwa kidogo. Ukiandika "kinamuma" umeificha ile -mu- ambayo mwanafunzi anatakiwa aione. Vilevile mwalimu akisema haraka "naumwa", andika "ninaumwa" na uongeze mara moja tu kwamba katika mazungumzo watu hufupisha. Bila hivyo mwanafunzi atasoma kitu kimoja na kusikia kingine, adhani ni vitenzi viwili.

Kuchagua maneno

Katika dakika 50 mwalimu huyu alitaja maneno zaidi ya arobaini. Karatasi ilibaki na kumi na mawili. Neno linaingia kwa mojawapo ya sababu tatu: mwanafunzi aliliuliza, alikwama kwa kulikosa, au linahitajika ili kifungu fulani kilichomo kwenye karatasi kisemeke. Mwalimu alipozungumzia viungo vya ndani alitaja ini, figo na bandama kwa kupita tu. Mwanafunzi hakuyauliza wala hakuyatumia, kwa hiyo yaliachwa. Orodha ya maneno arobaini humridhisha anayeiandika, lakini anayedurusu huishia kwenye la kumi na tano.

Kichwa, neno ambalo mwanafunzi alilijua kabla ya somo, liliingia kwa sababu nyingine: linabeba mfano wa upatanisho. Neno analolijua ni chombo kizuri cha kubebea sarufi asiyoijua, kwa kuwa hahangaiki na mambo mawili kwa wakati mmoja.

Jinsi ya kuliandika neno ina uzito kuliko idadi. Ukiandika "meno" peke yake, mwanafunzi hatajua kwamba moja ni "jino". Na ukiandika "jino" peke yake, hatalitambua atakaposikia "meno". Tena, nomino bila kiambishi chake cha kitenzi ni nusu ya neno. Kwa hiyo kila nomino ipewe umoja, wingi kama unahitajika, na umbo lake ndani ya kitenzi kilichofundishwa:

| Umoja | Wingi | Pamoja na kitenzi |
|---|---|---|
| kichwa | – | kinaniuma |
| tumbo | – | linaniuma |
| koo | – | linaniuma |
| mgongo | – | unaniuma |
| mguu | miguu | unaniuma / inaniuma |
| jino | meno | linaniuma / yananiuma |
| jicho | macho | linaniuma / yananiuma |
| kidole | vidole | kinaniuma / vinaniuma |

Wingi wa kichwa na tumbo haumo kwa makusudi. Mtu ana kichwa kimoja, na sentensi ya vichwa viwili vinavyomuuma haitamfaa kwa daktari. Maneno manne yaliyobaki ni vitenzi: kumeza, kukohoa, kutapika, kuvimba. Viandikwe kwa ku-, na kila kimoja kiwe na sentensi moja kutoka kwenye rekodi. Safu ya maana katika lugha ya mwanafunzi unaiongeza mwenyewe, maana moja tu, ile iliyotumika siku hiyo. Ukimwaga maana zote za "kuuma" zilizomo kwenye kamusi, umemrudisha alikoanzia.

Vifungu vya kusema

Kifungu ni maneno yanayotoka mdomoni kwa pamoja, na mwanafunzi anaweza kuyatumia kabla hajaweza kuyachambua. Tofauti yake na sarufi ni jambo la maamuzi. Katika igizo mwalimu alisema, "Koo linaniuma nikimeza." Mle ndani mna -ki- ya masharti, na mwandishi mwenye bidii angeanzisha sehemu mpya ya sarufi kuieleza. Lakini -ki- ilitokea mara moja tu, haikuelezwa, na mwanafunzi hakuiuliza. Sentensi ilimwingia kama kitu kizima na inamfaa hivyo. Iwekwe kwenye vifungu, ibaki huko mpaka somo lake lifike.

Vifungu vinane hadi kumi vinatosha kwa kipindi kama hiki. Vilivyo bora ni vile vyenye nafasi ya kujazwa, kwa sababu kimoja huzaa vingi:

- ______ -naniuma tangu ______. (Mgongo unaniuma tangu juzi.)
- ______ -naniuma niki______. (Koo linaniuma nikimeza.)
- Sijisikii vizuri.
- Nina homa.
- Ninahisi kizunguzungu.
- Ilianza lini? (Hili ni swali la daktari, unatakiwa ulielewe.)

Hicho cha mwisho kinaonyesha jambo linalosahaulika. Vifungu vingine ni vya kusikia, si vya kusema, na karatasi iseme hivyo. Mwanafunzi asipoteze muda kukariri namna ya kuuliza swali ambalo kazi yake ni kulijibu.

Kifungu cha kwanza kilitokana na alama ya `...` saa 23:40. Mwanafunzi alikaa kimya, akajaribu kwa lugha yake, na mwalimu akampa "tangu juzi". Dakika kumi na nne baadaye alilitumia mwenyewe. Alama ya kusita iliyofuatwa na `v` ndiyo dhahabu ya rekodi: neno lililotafutwa kwa shida, likapatikana, likatumika. Lipewe nafasi ya juu kabisa.

Sarufi: soma makosa kwa pamoja

Sehemu hii huharibika kuliko zote, na huharibika kwa namna moja: mwandishi anafungua kitabu cha sarufi na kunakili ngeli zote. Mwanafunzi anapata jedwali zuri lisilogusa kosa lake hata moja. Njia ya kinyume ni kuyachukua makosa yenye `x`, kuyaweka pamoja, na kuuliza kila moja lilitoka wapi.

Kwa mtazamo wa haraka makosa yetu manne yanafanana. Yote ni "upatanisho". Mwalimu mwenyewe ndani ya rekodi aliyasahihisha yote kwa namna moja, kwa kutamka umbo sahihi. Yatazame tena.

"Ninauma kichwa" halihusu ngeli hata kidogo. Mwanafunzi amemfanya mtu kuwa mtenda, kama inavyokuwa katika lugha nyingi. Kwa Kiswahili kinachouma ni kichwa, na mtu ndiye anayeumwa, kwa hiyo kichwa kinashika nafasi ya mbele na mtu anaingia katikati ya kitenzi kama -ni-. Sentensi yake ilivyo inamaanisha kwamba ana kichwa mdomoni na anakitafuna.

"Tumbo kinaniuma" ni kosa la ngeli. Ameibeba ki- ya kichwa hadi kwenye tumbo. Lakini saa 40:30 amesema "linaniuma" bila msaada, kwa hiyo hili limeelekea kupona. Halihitaji kanuni, mstari wake kwenye jedwali la maneno unatosha.

"Miguu unaniuma" na "meno linaniuma" ni kosa moja lililorudiwa, na ndilo la kufurahisha zaidi kulichambua. Kiambishi alichotumia ni sahihi kwa umoja: mguu unaniuma, jino linaniuma. Anaijua ngeli ya neno, ila hajui kwamba wingi unabadilisha kiambishi cha kitenzi. Ukimpa jedwali la ngeli zote unamfundisha anachokijua. Anachohitaji ni jozi za umoja na wingi, na kosa hili lilijitokeza mara ya mwisho dakika sita tu kabla ya kipindi kwisha, ishara kwamba bado ni bichi.

Kwa hiyo sarufi ya karatasi hii ina hoja mbili tu. Kila hoja iwe na kanuni ya sentensi moja au mbili kwa lugha nyepesi, mifano mitatu, na kosa lake likiwa chini ya umbo sahihi, likiwa limewekwa alama. Kosa lisitangulie, maana jicho hushika kinachosomwa kwanza.

*Hoja ya 1. Kinachouma hutangulia, anayeumwa huingia ndani ya kitenzi.*
Kichwa ki-na-ni-uma (mimi). Kichwa ki-na-ku-uma (wewe). Kichwa ki-na-mu-uma (yeye).
Si: ~~Ninauma kichwa.~~
Unaweza pia kuanza na mtu, lakini hapo kitenzi kinapata w: Ninaumwa kichwa.

Mstari huo wa mwisho ni jibu la swali la 31:15. Mwanafunzi alishangaa: ameambiwa "ninauma kichwa" si sawa, kisha mwalimu anasema "ninaumwa kichwa". Kinachozitenganisha sentensi hizo ni sauti moja ambayo sikio la mgeni huikosa kwa urahisi. Maelezo ya kutosha ni kwamba -umwa ni hali ya kutendwa: mimi ndiye ninayefanyiwa. Iongezwe kwamba "Ninaumwa" bila kutaja kiungo humaanisha mtu ni mgonjwa. Kuumia na kuumiza vinatoka kwenye mzizi huohuo na vinakaribisha maelezo, ila havikutajwa kwenye kipindi, viache.

*Hoja ya 2. Kiungo kikiwa wingi, mwanzo wa kitenzi hubadilika.*
Mguu unaniuma → Miguu inaniuma
Jino linaniuma → Meno yananiuma
Kidole kinaniuma → Vidole vinaniuma
Si: ~~Meno linaniuma.~~

Mfano wa vidole haukuwa na kosa kwenye rekodi, lakini uliwekwa ili mwanafunzi aone kwamba badiliko si la mguu na jino peke yake. Huo ndio mpaka wa kuongeza vya kwako: mfano mmoja unaopanua kanuni iliyokuwepo tayari, si kanuni mpya. Na kabla ya kuiandika kanuni, ijaribu kwa kila neno lililomo kwenye jedwali lako. Kanuni ya mtindo wa "maneno yanayoanza na m- huchukua u-" inafaa mgongo na mguu, kisha inaanguka mwanafunzi anapofika kwenye "mtoto".

Sauti na kadi

Kila kifungu kipewe kipande chake cha sauti, sekunde tano hadi kumi, sauti ya mwalimu. Acha nusu sekunde mbele na nyuma ili silabi ya kwanza isikatwe:

```
ffmpeg -i somo07.mp3 -ss 00:36:12 -to 00:36:18 -c copy koo.mp3
```

Usikate moja kwa moja kutoka kwenye video kwa `-c copy`. Picha za video haziwezi kukatwa popote, hivyo kipande mara nyingi huanza mapema kuliko ulivyotaka au picha huganda mwanzoni. Kata kutoka kwenye faili la sauti ulilolitoa mwanzo.

Mwanafunzi akitumia `Anki`, hoja za sarufi zigeuzwe kuwa sentensi zenye pengo. Kadi inayouliza "wingi wa jino ni nini" inapima neno. Kadi yenye pengo inapima kile alichokosea:

```
#separator:Semicolon
Meno ___naniuma.;Meno yananiuma.
Miguu ___naniuma tangu juzi.;Miguu inaniuma tangu juzi.
Mtoto wangu tumbo lina___uma.;Mtoto wangu tumbo linamuuma.
Ninau___ kichwa.;Ninaumwa kichwa.
```

Hifadhi faili kama maandishi ya UTF-8. Pengo liwe moja kwa kila kadi, na lisiwe na majibu mawili yanayokubalika. "Kichwa kina___uma" peke yake haifai, kwani kinaniuma, kinakuuma na kinamuuma yote ni sahihi. Ndiyo maana kadi ya tatu imemtaja mtoto.

Kukagua kabla ya kutuma

Yote yaingie kwenye karatasi moja, pande mbili. Isipoenea, punguza maneno kabla ya kugusa vifungu, na vifungu kabla ya kugusa sarufi. Kisha funika safu ya tatu ya jedwali na ujaribu kutunga, kwa kutumia karatasi hiyo tu, sentensi tano ambazo hazikusemwa kwenye kipindi. "Meno yanamuuma tangu juzi" inawezekana: meno yamo kwenye jedwali, -mu- kwenye hoja ya 1, ya- kwenye hoja ya 2, na "tangu" kwenye vifungu. Ukihitaji neno lisilokuwepo, kuna pengo. Na kama kuna mstari ambao hakuna sentensi yoyote inayouhitaji, ufute.

Mwanafunzi aipate karatasi siku hiyohiyo au kesho yake, kabla sauti ya kipindi haijamtoka masikioni. Mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, mwalimu amuulize maswali mawili bila kutoa mfano wowote: moja la meno, moja la miguu. Akisema "yananiuma" na "inaniuma", hoja ya 2 inavuka kwenda kwenye kumbukumbu za zamani. Akirudia "linaniuma", mstari huo unanakiliwa jinsi ulivyo kwenye karatasi ya somo la nane, ukiwa na muda mpya wa rekodi pembeni.